Barua ya bibi mzaa mama na tafsiri yake

*Mwalimu, shikamoo. Mama yangu ana miaka 78. Amewaandikia barua watoto wa mdogo wangu, mvulana wa miaka 14 na msichana wa miaka 10, ambao wamekulia ng'ambo na wanasoma Kiingereza. Kiswahili wanakisikia kidogo tu. Ameniomba niifasiri. Nimeifasiri neno kwa neno, lakini nikiisoma simsikii mama, na mahali pengine inatisha. Nimekuambatishia barua na tafsiri yangu. Nimekosea wapi? Je, niwapelekee tafsiri peke yake au zote mbili?*

Marahaba. Nimezisoma zote mbili, na nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa jibu lake ni fupi: wapelekee zote mbili, na barua ya mama ndiyo itangulie. Namna ya kuzipanga nitaieleza mbele. Kuhusu kosa, utasikia watu wakikuambia kwamba ubaya uko katika kufasiri neno kwa neno. Hilo ni kweli kwa sehemu, lakini kwa maoni yangu kosa kubwa lilitangulia hata kabla ya neno la kwanza, nalo ni kwamba ulianza kufasiri bila kumuuliza mama maswali. Kwa ruhusa yako nanukuu kipande cha mwanzo, kwa sababu karibu kila tatizo la barua nzima limo humo:

"Wajukuu zangu wapenzi, marahaba, maana najua mmeniamkia. Salamu nyingi sana ziwafikie hapo mlipo. Mimi bibi yenu sijambo, hofu na mashaka ni juu yenu. Poleni na baridi. Juzi alikuja mdogo wake marehemu babu yenu, akafika saa mbili nami bado nimelala kwa sababu ya goti, akakaa, akauliza habari zenu. Nikamwambia mume wangu amenipita kwa urefu, na mke mwenzangu ana mwandiko mzuri kuliko wangu. Akacheka mpaka akakohoa. Mama yenu mkubwa anawasalimu. Mwenzenu nimezeeka, macho yamepungua nguvu, lakini kila jioni nawataja mmoja mmoja kabla ya kulala. Wewe uliyeniuliza habari za babu, nitakuandikia barua yako peke yako. Mkija nitawaonyesha mwembe alioupanda."

Nimeichukua tafsiri yako ya Kiingereza nikairudisha kwenye Kiswahili kama atakavyoielewa mtoto wa miaka 10 asiyeujua undani wa lugha yetu. Inasomeka hivi: bibi ni mzima, lakini ana woga na shaka juu ya watoto hao, anawaomba radhi kwa ajili ya baridi, siku mbili zilizopita alikuja mdogo wa kiume wa babu, akafika saa nane mchana, akamkuta bibi amesinzia, bibi akamwambia kwamba ana mume mpya mrefu, na kwamba mume huyo ana mke wa pili mwenye mwandiko mzuri, shangazi fulani anatuma salamu, rafiki fulani wa watoto hao amezeeka. Sikutia chumvi. Kila sentensi hapo imetokana na neno ulilolifasiri kwa uaminifu kutoka kwenye kamusi.

Ukitazama vizuri utaona kwamba makosa hayo si ya aina moja. Yapo yaliyotokea kwa sababu Kiingereza hudai mambo ambayo Kiswahili hakikuyasema, na yapo yaliyotokea kwa sababu Kiswahili kilisema jambo kwa maneno yasiyokuwa na maana yake ya kawaida. Aina ya kwanza haitatuliwi na kamusi wala na ustadi wa mfasiri. Hutatuliwa na mwenye barua peke yake, ndiyo maana nasema ulipaswa kumuuliza.

Chukua "mdogo wake marehemu babu yenu". Kiswahili kinataja umri na udugu, basi. Kiambishi a- katika "alikuja" humfaa mwanamume na mwanamke sawasawa, na mama anaweza kuandika ukurasa mzima juu ya mtu huyo bila msomaji kujua jinsia yake. Kiingereza hakina neno la kawaida la mdogo wa mtu lisilotaja kama ni wa kiume au wa kike, na baada ya hapo kila kiwakilishi cha nafsi ya tatu hudai jinsia tena. Wewe umemfanya mwanamume. Huenda una hakika, kwa kuwa unamkumbuka baba mdogo fulani anayependa kuja kumtazama mama, lakini marehemu baba yako anaweza kuwa na wadogo wa kike pia, na barua haikuamua. Mimi mwenyewe niliwahi kuifasiri barua ya namna hii, nikamgeuza msichana mmoja wa jirani kuwa mvulana kwa sababu tu alitajwa akiwa amepanda mti. Wajukuu walijibu wakimtumia salamu za kaka, na bibi yao alikaa siku kadhaa akijiuliza watoto hawa wamemjua wapi kijana ambaye hakuwapo kabisa. Swali moja la nusu dakika lingalizuia hayo.

Angalia pia kwamba katika maneno hayo hayo "marehemu" linamhusu babu, si mdogo wake. Katika tafsiri yako umeliweka neno hilo mahali ambapo msomaji wa haraka anaweza kumuua mgeni kabla hajabisha hodi. Kiingereza kitahitaji kuupindua mpangilio: mtaje kwanza babu aliyefariki, kisha umtaje ndugu yake.

Kosa linalonisumbua zaidi katika kipande hiki ni la "saa mbili". Mama anahesabu saa kama sisi sote tunavyohesabu, kuanzia mapambazuko, kwa hiyo saa mbili yake ni ile ambayo saa ya ukutani ya Mwingereza huiita nane. Tofauti ni saa sita daima, na kila mfasiri anaijua kanuni hiyo. Ulipoiacha tarakimu ya mbili kama ilivyo, msomaji wa Kiingereza atafikiri ni mchana, yaani saa nane yetu. Kwa kawaida kosa la saa hujifichua, kwa sababu mtu hali chakula cha usiku adhuhuri. Hapa halikujifichua, kwa kuwa linafuatwa na "bado nimelala", na bibi wa miaka 78 kusinzia saa nane mchana ni jambo la kawaida kabisa. Makosa mawili yameshikana mikono yakatengeneza habari iliyonyooka, nayo si habari aliyoiandika mama. Alichokisema ni kwamba mgeni alikuja asubuhi, wakati ambao yeye kwa desturi huwa ameshaamka, akamkuta bado yuko kitandani kwa ajili ya goti. Wajukuu walistahili kujua kwamba goti la bibi yao limefikia hatua ya kumchelewesha kuamka. Hilo limepotea bila mtu kuliona. Nakushauri uogope zaidi sentensi za tafsiri zinazosomeka vizuri sana kuliko zile zinazokwaruza, maana zinazokwaruza utazirekebisha mwenyewe.

Hata hivyo saa mbili ina asubuhi yake na ina usiku wake, na "nimelala" huweza kuwa kupitiwa na usingizi au kujinyoosha tu kitandani. Mimi nimechagua asubuhi kwa sababu ya neno "bado", lakini chaguo langu si ushahidi. Liweke katika maswali ya mama. Weka humo na "juzi", ambayo kwa hesabu kamili ni siku iliyotangulia jana, lakini katika mazungumzo huwa ni siku yoyote ya karibuni. Kama mama hakuiandikia barua tarehe, mwombe aiandike sasa, kwa sababu barua ikifika baada ya majuma mawili "juzi" haitakuwa na pa kushikia.

Swali la mwisho la aina hii ni "wewe uliyeniuliza habari za babu". Katika barua yote mama anasema "ninyi", kisha hapa anamgeukia mmoja. Kwa Kiswahili mgeuko huo unasikika kama mtu aliyeinua kidole: "mlipo", "mmeniamkia", "poleni", halafu ghafla "wewe" na "nitakuandikia". Kiingereza cha leo hutumia neno moja kwa mtu mmoja na kwa watu wengi, hivyo mgeuko huo utafutika, na kila mtoto atadhani ameahidiwa barua yake. Mmoja wao atangoja barua isiyokuja. Muulize mama anamkusudia nani, kisha katika tafsiri mtaje mtoto huyo kwa jina lake. Hapa utakuwa umeongeza neno ambalo mama hakuliandika, na ni halali kabisa, kwa kuwa maana yake ilikuwamo tayari ndani ya umbo la kitenzi.

Nikija kwenye aina ya pili, yaani maneno yasiyobeba maana yake ya kawaida, mfano ulio wazi ni "hofu na mashaka ni juu yenu". Mama hana hofu yoyote. Hiyo ni kanuni ya uandishi wa barua, kama vile "ama baada ya salamu" na "dhumuni la barua hii". Mpangilio huu wa kusalimu, kutoa habari ya afya na kuiulizia afya ya mwandikiwa kabla ya kuingia katika neno lenyewe ni mkongwe kuliko sisi. Katika mkusanyiko wa maandishi ya Kiswahili ya herufi za Kiarabu ambao Mjerumani Carl Büttner aliuchapisha Berlin mwaka 1892, zimo barua zinazosalimu na kueleza hali kwa kirefu kabla ya jambo. Maana ya maneno ya mama ni "mimi ni mzima, sijui ninyi mko namna gani, nataka kujua". Yafasiri hivyo, kwa sentensi moja fupi, na mtoto asikutane na neno la woga kabisa. Ukitaka alijue umbo la asili, lipo katika ukurasa wa Kiswahili, na unaweza kumweleza pembeni.

"Poleni na baridi" ni mtego mwingine. Neno la Kiingereza ulilolitumia, na ambalo karibu kila mtu hulitumia, kazi yake kubwa ni kuomba radhi. Mtoto atajiuliza bibi amekosa nini hata aombe msamaha kwa hali ya hewa ya nchi ambayo hajaifikia. Pole yetu haina hatia ndani yake. Ni kumwambia mtu kwamba umeiona taabu yake. Kiingereza hakina neno moja la kazi hiyo, kwa hiyo una njia mbili tu: ueleze maana kwa sentensi nzima, kwamba bibi anajua baridi inawasumbua na moyo wake uko pamoja nao, au uliache neno "pole" kama lilivyo na kulifafanua mara moja. Mimi ningeliacha. Ni neno ambalo watoto hawa watalihitaji maisha yao yote kila watakapozungumza na jamaa zao, na halina mbadala.

Kwa sababu hiyo hiyo ningeliacha "marahaba" la mwanzo, na hapo ningependa ukae kidogo, kwa kuwa sentensi ile ndiyo iliyonigusa zaidi katika barua yote. Mama anaitikia shikamoo ambayo hajapewa. Wajukuu hawa pengine hawajawahi kuandika neno hilo, wala hawajui kwamba mdogo ndiye anayeanza. Naye badala ya kuwalaumu anawakadiria heshima, anajibu kama aliyekwisha kuamkiwa. Wewe uliandika salamu ya kawaida ya Kiingereza, ile ya kila barua, na tendo lote likafutika. Liache neno, kisha andika maelezo mafupi kwamba shikamoo ni salamu ya mdogo kwa mkubwa, kwamba marahaba ndilo jibu lake, na kwamba bibi amelijibu la kwao kabla halijafika. Usiwaagize walitumie. Nadhani katika barua yao ya kujibu litakuwamo.

Sasa majina ya udugu. "Mama yenu mkubwa anawasalimu" ni wewe, kwa kuwa wewe ni dada mkubwa wa mama yao. Katika tafsiri umejiita kwa lile neno moja la Kiingereza ambalo humkusanya shangazi, mama mkubwa, mama mdogo na hata mke wa mjomba. Kwa sheria ya kamusi hukukosea. Lakini mama yako hakuandika "shangazi", aliandika "mama". Kwa mpango wa udugu wetu wewe ni mama wa watoto hao kwa cheo, na shangazi ni dada wa baba yao, mtu mwingine mwenye nafasi nyingine. Kuifasiri kwa maneno yake mawili, mama na mkubwa, kutamfanya mtoto afikirie unene au kimo. Hapa sina shaka yoyote juu ya ushauri wangu: liache "Mama Mkubwa" kwa herufi kubwa kama jina lako, ueleze pembeni kwamba dada mkubwa wa mama huitwa hivyo kwa sababu naye ni mama, na kuanzia siku hiyo wakuite hivyo hata wakiwa katikati ya Kiingereza. Fanya vivyo hivyo kwa "bibi" na "babu". Hayo hawahitaji hata kuelezwa.

Utani ni mgumu zaidi. Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi kwa mzaha, na mjukuu wa kike ni mke wa babu, hivyo kwa bibi anakuwa mke mwenza. Mama ameuandika utani huo kwa wepesi kwa kuwa haukumjia wazo kwamba kuna mtoto asiyeujua. Mvulana wa miaka 14 aliyelelewa mahali ambapo mzaha huo haupo akisoma kwa Kiingereza kwamba bibi anamwita mume, atafadhaika, na akiisoma mbele ya rafiki zake ataificha barua. Baadhi ya wafasiri wangelifuta jambo hilo na kuandika "mjukuu wangu wa kiume" na "mjukuu wangu wa kike". Ninaielewa sababu yao, lakini siikubali, kwa sababu mgeni alicheka mpaka akakohoa, na tafsiri iliyofuta utani haina tena kinachochekesha. Msomaji ataona mtu mzima akicheka kwa kuambiwa kwamba mtoto amerefuka.

Mimi ningefanya hivi. Ningeyaacha maneno "mume wangu" na "mke mwenzangu" kwa Kiswahili ndani ya tafsiri, kila moja likifuatwa na jina la mtoto ili ajue ni yeye anayesemwa. Kisha chini ya ukurasa ningeandika maelezo ya mistari mitatu au minne: kwamba kati ya bibi na mjukuu kuna ruhusa ya kutaniana ambayo haipo kati ya mzazi na mtoto, kwamba kwa utani huo mvulana huitwa mume na msichana huitwa mke mwenza, kana kwamba anagombea babu, kwamba anayeitwa hivyo naye ana haki ya kujibu kwa utani. Maelezo hayo yanamgeuza mtoto kutoka kwa msomaji aliyeshtuka hadi mtu aliyeingizwa katika mzaha wa nyumbani kwao.

Angalia kwamba nimesema chini ya ukurasa, si ndani ya barua. Katika tafsiri yako kuna mahali ulipomfanya mama aseme mwenyewe kwamba "katika mila zetu" bibi huwatania wajukuu. Mama hakusema hivyo, na hangesema, kwa sababu mtu hawaelezi wajukuu wake mila kama mwongoza watalii. Kila unapotia maelezo kinywani mwake anageuka kuwa mtu mwingine, na nadhani hii ndiyo sababu kuu ya kutomsikia. Maelezo ni yako wewe, Mama Mkubwa. Yaandike kwa sauti yako na uyatie sahihi yako, ili watoto wajue wazi nani anasema nini.

Kuna hasara moja ambayo sioni namna ya kuizuia, nayo ni "mwenzenu nimezeeka". Kwa kujiita mwenzao mama anajishusha, anaomba huruma kidogo, na papo hapo anatabasamu. Neno lolote la Kiingereza la rafiki au mwenza litamleta mtu wa tatu asiyekuwapo, kama lilivyomleta katika tafsiri yako. Andika tu kwamba bibi amezeeka, uache. Nimejaribu njia nyingi kwa miaka mingi, na zote zilikuwa mbaya kuliko kuliacha.

Mwendo wa sentensi, kwa upande mwingine, unaweza kuuokoa. Mama anasimulia kwa -ka-: akafika, akakaa, akauliza, nikamwambia, akacheka mpaka akakohoa. Ulizikata zote zikawa sentensi fupi fupi zenye nukta, pengine kwa kumfikiria mtoto wa miaka 10. Lakini mtoto wa umri huo anafuata bila shida msururu wa matendo yaliyounganishwa kwa kiunganishi cha kawaida, maana ndivyo watoto wenyewe wanavyosimulia. Unganisha tena. Isome kwa sauti, na pumzi yako iishie pale ambapo ya mama inaishia. Na usije ukajaribu kuonyesha uzee wake au tahajia yake kwa Kiingereza kilichovunjika. Mama anaandika Kiswahili kilichokamilika. Kiingereza chake nacho kiwe kamili na chepesi. Katika nakala ya Kiswahili usimsahihishe hata herufi moja.

Kuhusu mpangilio, ningetuma karatasi yenyewe ya mwandiko wa mama, pamoja na kurasa zilizopigwa chapa, Kiswahili upande wa kushoto na Kiingereza upande wa kulia, aya ikitazamana na aya. Usiweke Kiingereza chini ya kila mstari wa Kiswahili, kwa maana jicho la mtoto litaruka mistari ya Kiswahili yote. Maneno uliyoyaacha bila kufasiri yasizidi sita au saba kwa ukurasa. Hapa tumeshapata "marahaba", "pole", "mume wangu", "mke mwenzangu" na "Mama Mkubwa", pamoja na "bibi" na "babu", na yanatosha. Yakizidi, tafsiri itakuwa fumbo.

Kisha mrekodi mama akiisoma barua yake. Kipande nilichokinukuu hakifiki dakika mbili kwa mwendo wa taratibu. Tahajia ya Kiswahili humsaidia sana mtoto hapa: irabu ni tano, kila moja ina sauti yake ile ile popote ilipo, na mkazo huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache. Mtoto anayejua kusoma Kiingereza anaweza kufuata kwa kidole wakati bibi anasoma, na kwa kawaida baada ya kusikiliza mara tatu au nne ataweza kuisoma aya fupi mwenyewe, hata kabla ya kuelewa kila neno. Atakwama mahali pawili: irabu zilizomo katika maneno kama "mume" atazisoma kwa mazoea ya Kiingereza, na "m" ya "mke" ataitafutia irabu isiyokuwapo kwa kuwa hajui kwamba peke yake ni silabi. Sauti ya mama itamsahihisha bila somo.

Kabla ya kuituma, ipime. Mpe tafsiri yako mtu asiyejua Kiswahili kabisa, umwondolee ukurasa wa Kiswahili, kisha umuulize: nani alikuja, wakati gani, bibi alikuwa katika hali gani, nani amerefuka, nani ameahidiwa barua, na mgeni alicheka nini. Usimsaidie. Akijibu sawa maswali matano na akashindwa la sita, umejua pa kurudi. Baadaye mwombe mtu mwingine, anayejua lugha zote mbili na ambaye hajaiona barua ya asili, aisimulie tafsiri hiyo kwa Kiswahili mbele ya mama. Mwache mama asikilize. Akisema "sikusema hivyo", hata kama huoni kosa, amini kwamba lipo, utafute.

Limebaki neno la mwisho la barua, ambalo sikulinukuu juu. Mama amemaliza kwa kuandika: "Ni mimi, bibi yenu mzaa mama." Ulitafuta katika kamusi ukapata istilahi ambayo Kiingereza huitumia katika hati na hospitalini kwa bibi wa upande wa mama, ukaiandika hivyo, na barua ikafungwa kwa sauti ya karani. Hapa, tofauti na kote nilikokukataza, neno kwa neno ndiyo tafsiri bora. Liache "Bibi", kisha uandike kwa Kiingereza chepesi kabisa kwamba yeye ndiye aliyemzaa mama yao, na usiongeze kitu.